Somo: Kuhakiki kama maombi yenye viambatisho vizito yamefika

Dada mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, alituma maombi ya kazi pamoja na vyeti vitano alivyoskaniwa steshenari, jumla MB 14. Kwa kuwa Gmail inaruhusu hadi MB 25, aliamini yuko salama, lakini siku nne zilipita bila jibu, ndipo akaniletea simu yake.

Kwanza tulifungua `Outbox`. Barua iliyokwama humo haijaondoka hata kwenye simu, na hapo kosa huwa ni bando au mtandao. Yake ilikuwa `Sent`, yaani Gmail iliipokea kutoka kwake. Hilo halithibitishi kwamba mwajiri ameipata.

Pili, tulitafuta taarifa za barua zilizorudishwa, ambazo hutumwa na mtumaji wa kiotomatiki aitwaye mailer-daemon. Tuliandika haya kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
from:mailer-daemon
```

Ikatokea taarifa ya Kiingereza aliyoidhania tangazo, iliyoingia dakika chache tu baada ya kutuma. Ndani yake mlikuwa na `552 5.3.4`, yaani ujumbe umezidi ukubwa unaopokelewa. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Inayoanza na 4 ni kucheleweshwa, na seva hujaribu tena yenyewe.

Kwa nini MB 14 zikataliwe? Faili haisafiri kama ilivyo, bali hugeuzwa kuwa herufi, kila baiti tatu zikawa herufi nne, hivyo MB 14 hufika zikiwa karibu 19. Seva ya mwajiri ina kikomo chake, na nyingi huishia MB 10. Ndiyo maana mimi hushauri viambatisho vyote visizidi MB 7.

Tulirudi steshenari. Kijana wa pale alikuwa ameskani kwa dpi 600 za rangi. Tukamwomba dpi 200, ambazo hupunguza nukta za picha mara tisa, na muhuri ukabaki unasomeka. PDF mpya haikufika MB 2. Akatuma upya, na safari hii hakuna kilichorudi.

Swali (Mafinga): Mwalimu, sina taarifa yoyote ya mailer-daemon, na wala sijajibiwa. Je, imefika?

Jibu: Ndugu yangu, seva inayokataa kwa sababu ya uzito kwa kawaida hukataa mlangoni, na taarifa hurudi mapema. Siku ikiisha kimya, uzito si mtuhumiwa wa kwanza tena, ingawa barua inaweza kuwa imeangukia kwenye `Spam` ya mwajiri. Mwandikie mistari miwili bila kiambatisho ukitaja nafasi na tarehe uliyotuma, au piga simu saa za kazi.

Swali (Tukuyu): Zangu zilikuwa MB 30, Gmail ikaweka kiungo cha Drive. Kuna shida?

Jibu: Ipo, dada. Kilichoenda ni kiungo, si faili. Usipochagua `Anyone with the link`, afisa anaweza kukutana na ombi la ruhusa, na mwenye maombi mia mezani hataomba. Punguza faili, uitume kama kiambatisho.