Bao la mtangazaji na bao la mwandishi

Ukigeuza matangazo ya mechi kuwa habari ya kusomwa, usiandike bao pale mtangazaji anapolia "goooal!" Soma kwanza dakika mbili tatu zinazofuata. Tuseme ni debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards yaani Ingwe, pale uwanja wa Nyayo, Nairobi: mtangazaji anampa bao mshambuliaji wa Gor, halafu baada ya marudio anasema krosi ilimgonga beki wa Ingwe ikaingia. Hilo la pili ndilo la kuandika, ukishalilinganisha na matokeo rasmi.

Dakika nazo zina mtego. Saa ikisoma 23:40, bao ni la dakika ya 24. Ikisoma 46:10 kabla ya mapumziko, andika 45+2.

Uhondo utaupata kwenye vitenzi. "Anakwenda, anakwenda, anampita mmoja, anampita wa pili, anaachia mkwaju!" inakuwa "Aliwapita wawili, akaachia mkwaju." Ile -ka- inabeba kasi yote. Kelele za mtangazaji nukuu moja tu, iliyo tamu kuliko zote, neno kwa neno, kumi zinachosha. Na akisema uwanja umefurika, usigeuze hiyo kuwa idadi ya mashabiki.