Kabla ya kuandika kadi za kutaja alkani

Kabla hujakata karatasi, amua kadi zako zinaishia wapi. Seti ya kwanza iwe ya alkani zenye matawi peke yake, kwani alkeni na alkoholi zina maswali yanayotangulia haya. Kila kadi ibebe swali moja, na chini ya kila jibu iandikwe namba ya kadi inayofuata.

Kadi inayosema tu "chagua mnyororo mrefu kuliko yote" haitoshi, maana haielezi la kufanya minyororo miwili inapolingana. Kwa hiyo tafuta mapema molekuli ya kuipima. Mimi napenda hii:

CH3CH(CH3)CH(CH2CH3)CH2CH2CH3

Ukiisoma kushoto kwenda kulia unapata kaboni sita, zenye tawi la methili na la ethili. Sasa anzia kwenye ncha ya lile tawi la ethili, pita kaboni ya tatu, endelea hadi mwisho: kaboni ni sita vilevile, ila limebaki tawi moja tu, la kaboni tatu. Basi kadi ya pili iulize kama kuna mnyororo mwingine wa urefu huohuo. Ukiwepo, shika wenye matawi mengi zaidi. Jina ni 3-ethili-2-methiliheksani. Mwanafunzi akikuletea heksani yenye tawi moja la kaboni tatu, ujue kadi hiyo ameiruka.

Kwenye namba, wengi wamezoea kujumlisha, na hapo ndipo kadi nyingi hupotosha. Chukua dekani yenye methili tatu: upande mmoja unatoa 2,7,8, mwingine 3,4,9. Jumla ya kwanza ni 17, ya pili 16, lakini sahihi ni 2,7,8. Kadi iagize kulinganisha namba moja baada ya nyingine na kusimama zinapotofautiana mara ya kwanza. 2 ni ndogo kuliko 3, shauri limekwisha. Pande zote zikilingana kabisa, tawi linalotangulia kialfabeti lipewe namba ndogo, kama katika 3-ethili-5-methiliheptani.

Viambishi di- na tri- vije mwisho kabisa. Mwanafunzi apange matawi kialfabeti kwanza, ndipo aviongeze, la sivyo ataweka dimethili mbele ya ethili kwa sababu ya herufi d. Sahihi ni 3-ethili-2,2-dimethiliheksani, na ile 2 inaandikwa mara mbili kwa kuwa kila tawi lina namba yake.

Weka pia kadi ya ukaguzi: hesabu kaboni zilizo kwenye jina. Katika molekuli yetu ni 2 za ethili, 1 ya methili na 6 za heksani, jumla 9, sawa na fomula C9H20. Ukaguzi huu hunasa kaboni iliyosahaulika tu. Mnyororo uliochaguliwa vibaya unaweza kutoa 9 hizohizo, kwa hiyo mwenye shaka arudi kadi ya pili.