Pane kwenye barabara ya Kasumbalesa: pembetatu uiweke wapi

Motokari ikianza kukataa kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, usikanyage breki papo hapo. Washa taa za hatari, acha gari itembee kwa nguvu iliyobaki, uisogeze kuume mpaka magurudumu yote yatoke kwenye lami. Wakati wa mvua angalia udongo kwanza: ukingo mwekundu uliolowa unameza gurudumu, na kamio yenye mzigo inaweza kulala ubavu. Hapo ni heri kubaki nusu juu ya lami na kuongeza alama.

Vuta breki ya mkono. Kama usukani wako uko kushoto, mlango wako unafungukia kwenye makamio, kwa hiyo pitia mlango wa kuume. Abiria nao washukie kuume na waende mbali na barabara. Asisimame mtu nyuma ya gari, hata kusukuma.

Sasa pembetatu. Wengi wanaitupa hatua kumi nyuma ya gari, na hapo haimsaidii mtu. Piga hesabu: kamio inayokuja na 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Shofa akichukua sekunde mbili kuona na kuelewa, mita 44 zimekwisha kabla hajagusa breki, na mzigo wake bado unataka mita 50 au zaidi ili usimame. Kwa hiyo nenda mita 100, yaani kama hatua 130 za mtu mzima. Tembea kwenye majani, pembetatu umeishika mbele ya kifua, uso ukielekea magari. Kurudi ni hatari zaidi kwa sababu unayapa mgongo: kaa mbali na lami.

Hesabu hiyo usiipunguze penye kilima na kona. Tuseme gari imezimika mita 60 baada ya kilele. Ukihesabu mita 100 kikavu, alama itaangukia mita 40 upande wa pili wa kilele, na hapo ni sawa. Ila ukichoka ukaiacha kwenye mita 50, shofa anayepanda ataiona akiwa tayari juu yako.

Kama gari imekula sehemu ya njia, weka alama ya pili upande wa mbele pia. Makamio mengi ya hapa yanatoka nchi za usukani wa kuume. Shofa wake akitaka kupita mwingine, haoni vizuri kilicho mbele.

Upepo wa kamio unaangusha pembetatu nyepesi: bana miguu yake kwa vijiwe vidogo. Huna pembetatu? Matawi yanajulikana na kila shofa, lakini usiku hayang'ai.

Ukingo ni wa pane tu. Simu, kukojoa na kununua makala, tafuta uwanja nje ya barabara. Na kwenye otorute usirudi nyuma kamwe, hata kwenye njia ya dharura.

Gari ikipona, okota pembetatu huku taa za hatari zikiwaka bado, na matawi na vijiwe uvitupe porini: usiku pikipiki itavigonga.