SOMO: Klipu moja, app tatu, usilinganishe "Views" peke yake

Wadau, leo tuongelee kitu kinachochanganya sana watu. Umeposti klipu ile ile TikTok, Instagram na YouTube Shorts, baada ya wiki unaona Shorts ina Views nyingi kuliko zote, unaamua nguvu zote zihamie huko. Subiri kwanza. Tangu tarehe 31 Machi 2025 Shorts inahesabu kila klipu inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha hapo hapo, na ikijirudia inahesabu tena. Ile hesabu ya zamani bado ipo, inaitwa Engaged views. Kwahiyo Views za Shorts za 2024 na za sasa hazifanani hata ndani ya akaunti moja.

Fanya hivi.

1. Posti faili lile lile, urefu ule ule, usiboosti popote. Soma namba zote klipu ikiwa na siku 7, na YouTube ipe siku mbili zaidi maana takwimu zake zinachelewa, ila chagua zile siku 7 za mwanzo tu.

2. Chukua muda wote uliotazamwa: TikTok ni Total play time, Instagram ni Watch time, YouTube ni Watch time (hours).

3. Chukua idadi ya watu: Total viewers, Accounts reached, Unique viewers.

4. Gawanya:

```
sekunde kwa mtu = masaa × 3600 ÷ watu
```

Mfano, klipu ya sekunde 24 ya kusuka nywele. Tuseme Shorts ina Views 15,000, watu 9,000, masaa 17.5, hapo ni sekunde 7 kwa mtu. TikTok Views 11,000, watu 9,000, masaa 20, ni sekunde 8. Instagram Views 5,000 tu, watu 3,000, masaa 10, ni sekunde 12. Yaani ile ya mwisho kwa Views ndo watu wamekaa nayo zaidi. Tofauti ya 7 na 8 mi naiacha, kwasababu Unique viewers ya YouTube ni makadirio, ila 12 kwa 7 hiyo ni tofauti ya kweli.

MASWALI

Mdau: Kaka, kwani nisizidishe tu Average watch time mara Views?

Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu, Instagram ikipiga Average watch time inagawanya Watch time kwa uchezaji wa mara ya kwanza tu, wakati Views zina marudio ndani, ukizidisha unapata masaa ambayo hayapo.

Mdau: Engaged views mbona siioni kwenye simu?

Jibu: Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, Analytics, halafu Advanced mode. Kama unalipwa kwa Shorts iangalie hiyo, malipo yanafuata Engaged views.

Mdau: Na klipu ikiwa fupi, sekunde 8 hivi?

Jibu: Hapo marudio yanapandisha sana, sekunde kwa mtu inaweza kupita hata urefu wa klipu. Linganisha app kwa app kwa klipu hiyo hiyo, usiiweke meza moja na ile ya sekunde 24.