Kusoma fols kala, histogramu na weivufomu kwenye monita ukishuti S-Log3, acha kukisia ekspoja

Kitu kinachowasumbua wengi wakianza kushuti log, yaani picha iliyobanwa ionekane ya kijivu ili ibebe mwanga na vivuli vingi zaidi, ni hiki: fols kala, ile inayopaka kila kiwango cha mwanga rangi yake, haijaonyesha nyekundu hata sehemu moja, histogramu haijagusa ukuta wa kulia, ila ukifika kwenye kompyuta anga lote limeungua na halirudi. Monita haikudanganya. Ilisoma namba sawasawa, ila we ulikua unazitafsiri kama za picha ya kawaida wakati kamera inakutumia log. Ntatumia Sony FX3 ikiwa S-Log3, ambayo ni log ya Sony, na ISO 800, mahojiano ya ndani, mtu mweusi amevaa shati jeupe na nyuma yake kuna dirisha. Kamera nyingine namba zitabadilika lakini hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: jua monita inasoma nini

Weivufomu, histogramu na fols kala zote zinasoma signo inayoingia kwa kebo, hazijali umeongeza mwanga wa skrini au umepunguza. Ndo maana juani unaweza kuziamini hata kama picha yenyewe huioni vizuri. Shida inakuja kwenye LUT, ile faili inayoigeuza log iwe picha ya rangi za kawaida. Kuna monita zinapima kabla ya LUT na kuna zinazopima baada ya LUT, na kwenye menyu mara nyingi hakuna mahali wamekuandikia. Fungua weivufomu, elekeza kamera kwenye kitu chochote kisichosogea, washa LUT ya monita afu zima. Weivufomu ikibaki vilevile inasoma log yenyewe, safi. Ikiruka, maana yake inasoma picha iliyoshapitia LUT, sa hapo wakati wa kupima zima LUT, ukimaliza irudishe ili mteja asione picha ya kijivu kijivu. Angalia pia kama kamera yenyewe inatoa picha yenye LUT kwenye HDMI, maana hiyo monita haina namna ya kujua.

Bado kidogo, funika lenzi kwa kifuniko. Kwenye S-Log3 weusi kabisa unatakiwa ukae kama 3.5 IRE, kipimo cha mwanga wa signo cha kuanzia 0 hadi 100, sio sifuri. Ukiona mstari umekaa kama 9 basi monita imewekwa full wakati inatakiwa ivisome viwango vya video, nenda kwenye setingi ya levo ubadilishe. Hii watu wanairuka kwa sababu ukipima na kadi ya kijivu huioni kabisa, kijivu kinabaki 41 pande zote mbili, zinazohama ni namba za chini na za juu tu, na za juu ndo hizo hizo unazozitegemea kulinda dirisha.

Hatua ya 2: tafuta dari

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na inachukua dakika moja. Elekeza kamera kwenye taa au dirisha lenye mwanga mkali, angalia weivufomu, afu fungua apecha taratibu. Mstari wa kile kitu utapanda, utapanda, halafu utafika mahali ukakataa kupanda, utalala flati kama umekatwa na rula, na ukizidi kufungua kinachotokea ni huo mstari kupanuka kwenda pembeni tu. Hapo ndo sensa imejaa. Kwenye S-Log3 utaikuta karibu na 94 IRE, haifiki 100. Kwa hiyo fols kala ambayo nyekundu yake inaanza 99 haiwezi kuwaka hata ukielekeza kamera kwenye jua! Na histogramu nayo itaacha nafasi tupu kulia daima, ukiifukuzia hadi iguse ukuta utakua umeshapita zamani.

Kama monita yako ina zebra, ile mistari inayotokea kwenye sehemu zilizofika mwanga fulani, na unaweza kuiwekea namba, iweke 93 na hiyo ndo iwe kengele yako ya kuungua. Ukishusha ISO chini ya ile ya msingi dari nalo linashuka, basi rudia hili zoezi kila ukifanya hivo.

Hatua ya 3: weivufomu kwa ajili ya dirisha

Weivufomu inasomwa hivi: kushoto kwa grafu ni kushoto kwa picha, kulia ni kulia, na urefu wa kwenda juu ni mwanga. Cha juu na cha chini kwenye picha vinalaliana kwenye safu moja, kwa hiyo ukiona alama iko 90 upande wa kulia unajua ni kitu kiko kulia lakini hujui kama kiko juu au chini ya fremu.

Sa kwenye mahojiano yetu dirisha liko kulia, shata 1/50, lenzi iko f/4. Upande wa kulia wa weivufomu kuna mstari umelala flati kwenye 94, dirisha limeungua. Nafunga hadi f/5.6, bado flati, haujashuka hata kidogo. Hapa mtu anaweza kudhani kufunga hakusaidii, ila ukweli ni kwamba mwanga ulikua umelizidi dari mbali, na stopu moja, yaani kuupunguza mwanga nusu, haikutosha kuurudisha chini yake. Nafunga hadi f/8, sasa mstari unashuka mpaka 90 na unaanza kuwa na umbo, naona vilima vidogo vya mawingu na kingo za mti ulioko nje. Ule umbo kurudi ndo uthibitisho wenyewe, kuliko hata namba. Kama dirisha halina kitu cha maana nje unaweza kuamua liungue, ni uamuzi wako, ila uwe uamuzi.

Hatua ya 4: fols kala kwa ajili ya uso

Tumefunga stopu mbili, kwa hiyo uso nao umeshuka. Kwenye f/4 shavu lilikua 32 hivi, ambayo kwa ngozi nyeusi ni mahali halali kabisa kwenye S-Log3, maana kadi ya kijivu inakaa 41 na ngozi nyeusi mara nyingi inakua kama stopu moja chini yake. Sasa kwenye f/8 shavu liko 18. Ukiacha hivyo halafu uje uuinue uso kwenye kompyuta utaamsha noizi kwenye vivuli, na kwenye ngozi nyeusi noizi inaonekana vibaya mno.

Hapa ndo nafungua fols kala, kwa sababu kwenye weivufomu uso umechanganyika na shati na ukuta, wakati fols kala inapaka rangi juu ya kitu chenyewe. Kabla ya kuiamini soma kile kipimo cha rangi kilichopo pembeni ya skrini, kila kampuni ina mpangilio wake na rangi ile ile inaweza kuwa namba tofauti. Kama monita inakuruhusu kuchagua mpangilio wa ARRI, kijani kinakaa 38 hadi 42 na pinki 52 hadi 56. Huo ulitengenezwa na pinki ikimaanisha ngozi nyeupe, stopu moja juu ya kijivu. Ukimlazimisha mtu mweusi aingie kwenye pinki utakua umemuongezea mwanga mpaka hafanani na alivyo, na wakati huo huo umelisogeza shati lake jeupe karibu na dari. Hili nalisisitiza kwa sababu mafunzo mengi yanasema tu ngozi iwe pinki, hayasemi ngozi ya nani.

Kwa hiyo apecha siigusi, dirisha limeshakaa. Nawasha taa ya LED yenye softboksi upande wa kushoto, na mhojiwa anashika kadi ya kijivu karibu na uso, imeelekea katikati ya taa na lenzi, isiinamie sakafu. Naongeza nguvu ya taa huku naangalia shavu la upande wenye mwanga. Nikifika shavu 32 niko sawa na ekspoja ya kawaida, ila mi huwa naongeza stopu moja zaidi ili vivuli viwe visafi, basi naendelea mpaka shavu liwe kijani, yaani karibu 41, na hapo kadi inasoma kama 49 au 50. Kwenye S-Log3, eneo hili la kati na juu yake, stopu moja ni kama IRE 9, kwa hiyo unaweza kuhesabu kichwani bila mita: shati jeupe ambalo kwa kawaida lingekaa 61 sasa litakua 70, mbali na 94, hakuna wasiwasi. Kama taa imefika mwisho wa nguvu na bado, isogeze, kutoka mita 2 kuja mita 1 inakupa karibu stopu mbili. Ukimaliza mwambie mpiga gredi kwamba umeshuti stopu moja juu, ashushe kabla ya kuweka LUT, la sivyo ataona picha imepauka na kukulaumu bure.

Paji la uso na pua zikionyesha vidoa vya pinki juu ya kijani usihangaike, ni mng'ao wa ngozi, vinatakiwa viwepo. Uso wote ukiwa kijani flati bila rangi nyingine ndo shida, mwanga umekua bapa, zungusha taa zaidi pembeni.

Hatua ya 5: histogramu, lakini ile ya rangi tatu

Histogramu ya kawaida inakuambia kiasi tu, haikuambii wapi. Dirisha dogo lililoungua linaweza kuwa kijimstari ambacho hukioni, na ukuta mweusi mkubwa unaweza kukutisha bure. Kwenye S-Log3 itajikusanya katikati kama kilima, ni kawaida, usiivute. Kwa dirisha na uso mi siitumii kabisa.

Inapookoa ni kwenye taa za rangi. Tuseme ukutani nyuma ya mhojiwa umeweka taa ya bluu. Fols kala na weivufomu ya kawaida zinapima mwanga wa jumla, na kwenye hesabu hiyo bluu inachangia kama asilimia 7 tu, kwa hiyo ukuta utaonekana uko chini na salama wakati chaneli ya bluu imeshajaa, na kwenye gredi unapata doa la bluu lisilo na umbo wala mpito. Fungua histogramu ya RGB, au paredi, yaani weivufomu ya kila rangi peke yake, kama monita inayo, uangalie kilima cha bluu peke yake. Kikiwa kimerundikana na kukatika ghafla pale kwenye lile dari lako la 94, punguza nguvu ya hiyo taa ya ukutani mpaka kilima kipate mteremko upande wa kulia, usifunge lenzi, maana ukifunga unaurudisha uso chini na unaanza upya hatua ya 4.