Kabla hujasaini fedha za ERP: kanuni na ramani ya mifumo

Faili la mradi wa ERP, yaani mfumo mmoja unaounganisha uhasibu, manunuzi, stoo na mauzo, likifika mezani, wakurugenzi wengi hufungua ukurasa wa mwisho, penye bei. Kanuni za usanifu za kurasa za mbele huachiwa watu wa kompyuta. Lakini bei ile imetokana na kanuni hizo, na anayesaini bila kuzisoma hajui anachonunua.

Tuchukue kampuni ya kufikirika ya vifaa vya ujenzi: ghala Barabara ya Nyerere, maduka matatu Kariakoo. Uhasibu una mfumo wake, maduka yana wao, na stoo inaishi kwenye Excel.

Angalia kwanza kama kila kanuni inamnyima mtu kitu. "Taarifa zetu zitakuwa sahihi na salama" haimnyimi yeyote, kwa hiyo ifutwe. "Kila bidhaa itakuwa na namba moja, na kitengo cha manunuzi pekee ndicho kitakachoifungua" inamnyima meneja wa duka uhuru aliouzoea. Akilalamika, hiyo ni dalili nzuri.

Kwa nini namba moja? Tazama nondo ya milimita 12. Manunuzi hununua kwa tani, duka huuza kwa kipande. Kipande cha mita 12 kina uzito wa takriban kilo 10.7, hivyo tani moja ni kama vipande 94. Duka moja likiwa limezoea kuhesabu 90 na stoo 94, kila tani inazaa vipande vinne visivyo na mwenyewe, na mfumo mpya utaonyesha tofauti hiyo kwa kasi zaidi kuliko daftari. Basi uliza: nani ameidhinisha kipimo cha kubadili tani kuwa vipande, na orodha ya bidhaa imesafishwa hadi wapi? Kazi hii ni ya wafanyakazi wako, si ya mzabuni, na mara nyingi haimo kwenye bajeti.

Kanuni ya pili ya kukazia macho ni ile ya kutobadili kiini cha mfumo, yaani kutumia ERP jinsi mtengenezaji alivyoiunda na kupanga tu mipangilio yake. Kila mtu huikubali mpaka idara yake iguswe. Tuseme mauzo wanataka utaratibu wao wa kuidhinisha punguzo, na kuuandika ni shilingi milioni 40. Inaonekana ni gharama ya mara moja. Lakini kila toleo jipya likija, kipande hicho cha programu lazima kijaribiwe na kurekebishwa. Ikiwa kazi hiyo ni milioni 8 kwa mwaka, ndani ya miaka saba umelipa milioni 96. Sikatai, huenda punguzo hilo ndilo linalokuletea wateja. Ila kila kibali cha kukiuka kanuni kiwe na bei ya miaka yote, jina la aliyeomba na sahihi ya mkurugenzi.

Sasa ramani ya kuhama kutoka mifumo ya zamani. Mchoro wa hali lengwa, yaani mifumo itakavyokuwa mwishoni, karibu kila mara hupendeza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishi ndani yake. Wewe kagua vituo vya katikati, pale mifumo mipya na ya zamani inapofanya kazi pamoja. Kampuni yetu inahamisha uhasibu na manunuzi kwanza, maduka yafuate baadaye. Katikati hapo mauzo ya Kariakoo yataingiaje kwenye leja mpya? Inahitajika programu ya muda ya kuyavusha kila usiku, pamoja na mtu wa kulinganisha jumla asubuhi. Itatupwa maduka yakihama, lakini inagharimu fedha halisi. Usipoiona kwenye bajeti, ujue mtu anapanga kuandika upya mauzo kwa mkono.

Kisha uliza swali ambalo wazabuni hawalipendi: fedha zikikatika kituo hiki, tunabaki na nini? Kama jibu ni stoo mbili zinazopingana, kituo hicho hakijakamilika, na hatua zake ziunganishwe na zinazofuata kabla ya kuidhinishwa.

Tarehe ya kuhama nayo isipangwe na mkandarasi peke yake. Ritani ya VAT inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na risiti ya EFD lazima itoke mteja anapolipa, haingoji mfumo urudi. Kwa hiyo maduka yawe na njia ya kutoa risiti hata siku ERP imezima, na njia hiyo ijaribiwe duka likiwa na foleni.

Mwisho wa ramani kuwe na tarehe ya kuuzima mfumo wa zamani. Bila tarehe, utalipia leseni mbili. Na usizimwe tu: kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa kwa miaka isiyopungua mitano, hivyo ramani ieleze zitasomwa wapi, na nani, afisa wa TRA akija kukagua mauzo ya miaka mitatu nyuma.