Mantiki ya utafiti wa uzamili: kusafisha bayogesi kwa udongo mwekundu

Rasimu nyingi ninazoletewa huanza na ukataji wa miti, na gesi yenyewe inatajwa ukurasa wa tatu. Futa hayo yote.

Hatua ya 1: Taja kinachoharibika

Bayogesi ya samadi ya ng'ombe ni methani kama asilimia 60, na inayobaki karibu yote ni kabonidayoksaidi. Hidrojeni salfaidi ni kidogo sana, lakini ndiyo inayokula vichomeo vya jiko na kuharibu oili ya jenereta. Anzia hapo, na usiahidi kuondoa kabonidayoksaidi pia. Jiko huwaka nayo bila shida, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Hatua ya 2: Andika pengo

"Utafiti huu haujafanyika wilayani kwetu" si pengo. Mtahini atauliza salfa ya wilaya yenu ina tofauti gani. Mimi ningeandika hivi:

"Oksaidi ya chuma iliyomo kwenye udongo mwekundu hunasa hidrojeni salfaidi, na udongo ukianikwa hewani hurudisha sehemu ya uwezo wake. Majaribio tuliyopitia yalitumia gesi kavu ya mtungi, na udongo mara moja tu. Haijaonyeshwa uwezo huo hushuka kiasi gani kila udongo unapoanikwa upya, gesi ikiwa na unyevu wa mtamboni."

Sentensi ya pili iandike tu kama uliyoyasoma yanaiunga mkono. Ikianguka, pengo limeanguka nayo.

Hatua ya 3: Majaribio yajibu sentensi ya tatu

Jaza bomba la kioo gramu 25 za udongo wa chembe za milimita 1 hadi 2. Unga laini huziba, kwa kuwa shinikizo la mtambo wa nyumbani ni dogo. Pitisha nusu lita ya gesi kwa dakika. Pima hidrojeni salfaidi inayoingia na inayotoka kila dakika 10 hadi inayotoka ifike 50 ppm, kisha anika udongo na urudie mara tano. Fanya hivyo kwa udongo mbichi na uliochomwa nyuzi 500 za Selsiasi. Uanike tabaka jembamba na lenye unyevu, maana udongo uliobeba salfa hupata joto ukikutana na hewa na unaweza kuwaka.

Sasa piga hesabu ya muda. Gesi ya 1,000 ppm kwa mwendo huo huleta takriban miligramu 0.7 za hidrojeni salfaidi kwa dakika. Ukikisia gramu moja ya udongo inabeba miligramu 5, zote zitabeba 125, yaani saa tatu. Ungeweka gramu 250 ungekesha mtamboni.

Kipimo nacho kitaje ukomo wake. Changu kiliishia 1,000. Kikaonyesha 1,000 asubuhi nzima, nami nikafurahi kwamba gesi imetulia. Kumbe ilikuwa imepita kiwango hicho, na data ya wiki mbili nikaitupa.